Tanganyika Ikiitwa Tanzania: Namna ya Kukiandikia Kituo cha Televisheni

Kila Desemba inapokaribia, vituo vya televisheni hufungua kabati za picha za zamani. Tunaoneshwa Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, umefurika watu. Mwalimu Nyerere anaonekana pamoja na Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, aliyekuja kumwakilisha mkewe. Kisha chini ya picha yanatokea maandishi kama haya: “Rais Julius Nyerere akipokea uhuru wa Tanzania, 9 Desemba 1961.”

Tarehe ni sahihi na mtu ni yeye. Cheo chake na jina la nchi vimekosewa. Siku ile Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia, akiwakilishwa na Sir Richard Turnbull, aliyekuwa gavana wa mwisho na sasa Gavana Jenerali. Nyerere aliapishwa kuwa Rais mwaka mmoja baadaye, 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Na nchi yenye jina la Tanzania haikuwapo kabisa. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza, na ilipata uhuru wake 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, Muungano ukafuata 26 Aprili mwaka huohuo, na jina la Tanzania likaanza kutumika rasmi tarehe 29 Oktoba 1964.

Kosa la namna hii linastahili barua, kwa sababu maandishi ya chini ya picha huaminiwa kuliko maneno ya msimulizi. Mwanafunzi huyanakili kama yalivyo. Na mtazamaji wa Unguja au Pemba akisoma kwamba “Tanzania” ilipata uhuru 1961, anaambiwa kwamba historia ya visiwa vyake haihesabiwi.

Barua nyingi za malalamiko hushindwa mwanzoni kabisa, kwa kuwa mwandishi anaeleza hasira yake na kusahau kueleza mahali kosa lilipo. Anayeifungua ni mhariri au msaidizi wake, na kipindi chenyewe kina dakika hamsini. Akiandikiwa tu kwamba “mmepotosha historia”, itambidi akitazame chote akitafuta kosa asilolijua, na huenda asifanye hivyo. Kwa hiyo andika jina la kipindi, siku na saa kilipoonyeshwa, na dakika maandishi yalipotokea. Yanakili neno kwa neno. Kama unaweza, piga picha ya skrini uiambatanishe.

Baada ya hapo weka ushahidi. Hapa watu hupenda kuandika “kila mtu anajua”, na hiyo haimsaidii mhariri anayetakiwa kumshawishi bosi wake. Ushahidi bora ni ule anaoweza kuuhakiki mwenyewe bila kutoka ofisini, na katika mfano wetu upo ndani ya filamu. Itazame bendera inayopanda baada ya ile ya Uingereza kushushwa usiku wa manane. Ina mistari iliyolala: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na dhahabu nyembamba pembeni mwa ile nyeusi. Bendera ya Tanzania ina mstari unaopita mshazari kutoka kona hadi kona, na buluu yake ilitoka kwenye bendera ya Zanzibar. Hata filamu isiyo na rangi inaonyesha kama mistari imelala au imepita mshazari. Picha yenyewe inayakanusha maandishi yaliyowekwa chini yake.

Barua nzima inaweza kutosha ukurasa mmoja:

“Kwa Mhariri Mkuu,

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA MAANDISHI YA PICHA KATIKA MAKALA YA UHURU

Ndugu Mhariri, salaam.

Nilitazama makala yenu ya historia ya uhuru iliyorushwa Jumapili iliyopita saa 3 usiku. Nawashukuru kwa picha za Uwanja wa Taifa, ambazo vijana wengi hawajapata kuziona.

Katika dakika ya 14 yametokea maandishi haya: ‘Rais Julius Nyerere akipokea uhuru wa Tanzania, 9 Desemba 1961.’ Naomba kuwajulisha kwamba siku hiyo Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu. Alikuwa Rais 9 Desemba 1962. Nchi iliyopata uhuru ni Tanganyika. Muungano na Zanzibar ulifanyika 26 Aprili 1964. Bendera inayoonekana katika picha hiyohiyo ni ya Tanganyika.

Naomba maandishi yasomeke: ‘Waziri Mkuu Julius Nyerere katika sherehe za uhuru wa Tanganyika, Dar es Salaam, 9 Desemba 1961.’ Naomba marekebisho yafanywe kabla makala haijarudiwa, pia katika nakala iliyowekwa mtandaoni.

Nitashukuru kupata jibu lenu. Nimeambatanisha picha ya skrini.

Wako mtazamaji,”

kisha jina, saini na namba ya simu.

Shukrani iliyo mwanzoni ni ya kweli na ni fupi, haikuwekwa kwa kujipendekeza. Mwandishi hamtuhumu mtu kwa uzembe wala kwa njama, maana hajui kosa lilianzia wapi. Huenda kituo kilinunua makala ikiwa na maandishi tayari, na hapo mhariri atahitaji kumrudia mtayarishaji. Tena barua inampa maneno mapya yaliyo tayari kubandikwa. Binafsi naona sentensi hiyo ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu inamwondolea mhariri mzigo wa kutunga na hatari ya kukosea upya.

Kuna jibu moja ambalo mwandishi ajiandae nalo. Kituo kinaweza kusema kwamba hata serikali huadhimisha 9 Desemba kama uhuru wa Tanzania Bara. Ni kweli, na mtangazaji wa leo akisema “Tanzania Bara” anaeleweka. Lakini maandishi yaliyofungwa na tarehe yanaeleza kilichokuwapo siku ile, na siku ile palikuwa na Tanganyika. Tena maandishi tunayolalamikia hayakusema hata Bara.

Usichanganye kosa na maoni. Ukiongeza kwamba msimulizi alimpendelea fulani, au kwamba wapigania uhuru wengine wamesahauliwa, umeanzisha mjadala, na mhariri atajibu mjadala na kuliacha kosa. Hoja hizo ziandikie barua yake nyingine.

Tuma barua kwa anwani rasmi ya kituo na ubaki na nakala. Wiki mbili zikipita kimya, tuma ukumbusho mfupi ukiambatanisha barua ya kwanza. Kimya kikiendelea, Tanzania lipo Baraza la Habari, ambalo husuluhisha malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya habari, na ipo Kamati ya Maudhui ya TCRA kwa upande wa utangazaji. Kenya kuna Baraza la Vyombo vya Habari na tume yake ya malalamiko. Huko utaulizwa kwanza kama ulikiandikia kituo, na nakala zako ndizo zitakazojibu.

Basi Desemba hii, picha za uwanja ule zitakapoonyeshwa tena, kaa na kalamu karibu. Ukiona “Rais” au “Tanzania” chini ya picha ya 1961, andika dakika yake palepale, na barua iende wiki hiyohiyo, kabla kipindi hakijarudiwa.