Kilichobaki Baada ya Mwenye Hisa Kupata Chake

Kila baada ya miezi mitatu, benki za Tanzania huchapisha hesabu zao magazetini. Msomaji mwenye hisa hukimbilia mstari wa faida. Akikuta imepanda, roho yake hutulia. Lakini kwenye mizania kuna mstari mwingine ambao wengi huuruka: mtaji wa wanahisa, yaani mali zote za benki ukitoa madeni yake yote. Mistari hiyo miwili ikisomwa pamoja, mtu anaweza kukadiria hisa moja ina thamani gani.

Chukua benki ya mfano. Kwa kila hisa, mtaji wa vitabuni ni shilingi 1,000, na faida inayotarajiwa mwakani ni shilingi 200. Je, hizo 200 zote ni utajiri mpya? Hapana. Mwenye hisa angeweza kuweka elfu yake kwenye hatifungani za serikali na kupokea riba kwa usingizi mnono. Kwa kuwa amekubali hatari ya biashara ya benki, anadai zaidi ya riba hiyo, tuseme asilimia 15 kwa mwaka. Basi shilingi 150 za kwanza ni ujira wa fedha zake tu. Zinazobaki, shilingi 50, ndizo faida ya ziada.

Kanuni inasema hivi: thamani ya hisa ni mtaji wa vitabuni wa leo, jumlisha faida za ziada za miaka yote ijayo, kila moja ikipunguzwa kulingana na umbali wake, kwa sababu shilingi ya mwakani haina uzito wa shilingi ya leo. Gabriel Preinreich aliieleza mwaka 1938, Edgar Edwards na Philip Bell wakairudia mwaka 1961, na makala ya James Ohlson ya mwaka 1995 ikaifanya izungumzwe upya miongoni mwa wahasibu.

Benki yetu inagawa nusu ya faida kama gawio na kubakiza nusu, hivyo mtaji unakua hadi 1,100, kisha 1,210. Ikiendelea kupata asilimia 20 ya mtaji, faida ya ziada inakuwa 50, halafu 55, halafu 60.5. Kwa thamani ya leo, hizo ni takriban 43, 42 na 40: jumla 125. Ikiwa baada ya miaka mitatu washindani wataimaliza faida hiyo yote, hisa ina thamani ya 1,125. Ikiwa 60.5 itaendelea kupatikana kila mwaka milele, inafika 1,390.

Sasa tuseme sokoni hisa hiyo inauzwa 1,300. Hesabu inaweza kugeuzwa ili kuonyesha wanunuzi wanaamini nini: kwamba baada ya mwaka wa tatu, faida ya ziada ya kila mwaka itabaki karibu asilimia 94 ya ile ya mwaka uliotangulia. Mnunuzi anapaswa kujiuliza ni kitu gani kitawazuia washindani kwa muda mrefu hivyo.

Wengi huiogopa njia hii kwa kuwa vitabu huandikwa na wahasibu, na mhasibu mwoga huandika tofauti na mhasibu jasiri. Tuseme wa benki hii anatenga shilingi 100 zaidi leo kwa hofu ya mikopo chechefu, kisha mwakani mikopo inalipwa na zile 100 zinarudi kwenye faida. Mtaji wa leo unashuka hadi 900 na faida ya mwakani inapanda hadi 300. Ujira wa mtaji sasa ni 135, hivyo faida ya ziada ni 165, ambayo kwa leo ni 143.5. Ukijumlisha na 900 unapata 1,043.5. Bila tengo lile, 1,000 na 43.5 ya mwaka wa kwanza zinatoa jibu lilelile. Anayepotea ni yule anayeona 300 juu ya mtaji wa 900, akadhani benki imeanza kupata asilimia 33 na itaendelea hivyo.

Ulinganifu huo una sharti moja: kila badiliko la mtaji, ukiacha gawio na hisa mpya, lazima lipitie kwenye faida. Kwenye benki halisi sivyo daima. Bei ya hatifungani inaposhuka, hasara yake huweza kuingizwa moja kwa moja kwenye akiba za mtaji bila kugusa mstari wa faida. Kuigundua si kazi ngumu: msomaji achukue mtaji wa mwaka jana, ajumlishe faida na fedha za hisa mpya, atoe gawio, kisha alinganishe na mtaji wa mwaka huu. Tofauti ikiwa kubwa, atafute taarifa ya mabadiliko ya mtaji katika hesabu za mwaka. Humo ndimo fedha hizo zilipopitia.