Fahamu: Punguzo la asilimia au la shilingi?

Baridi ya Nairobi inapokaribia kwisha mwezi wa Agosti, wenye maduka ya nguo wa Kibera na Kawangware, ambao mtaji wao umelala katika majaketi na sweta, huanza kushusha bei. Na hapo huzuka suala la namna ya kuliandika punguzo lenyewe.

Chukua jaketi la shilingi 1,500: asilimia 20 yake ni shilingi 300, hesabu ni moja, lakini mnunuzi aghalabu huvutwa na tarakimu iliyo kubwa, basi kwa nguo yoyote ipitayo shilingi 100, kiasi cha shilingi ndicho kinachong'aa, tena hakimlazimu kukokotoa.

Walakini hatari imo katika kutangaza kiasi kimoja kwa duka zima. Shilingi 300 zikiondolewa katika jaketi hilo, lililonunuliwa kwa 900, faida husalia 300. Zikiondolewa katika sweta ya 500 iliyonunuliwa kwa 350, muuzaji hupata hasara ya 150, ilhali asilimia 20 ingemwachia faida ya 50. Dalili yake huonekana mapema: sweta zaisha, majaketi yabaki.

Rai yangu ni kwamba kila fungu la bei liandikiwe shilingi zake, 300 kwa majaketi na 80 kwa sweta. Maana mnunuzi wetu, hata akikuta bei imekwisha punguzwa, ataomba apunguziwe tena, na katika zile 70 za faida zitakazosalia kwenye sweta ikiuzwa 420 muuzaji aweza kumwachia 20 bila kuugusa mtaji.