Kwa nini mkopo ulisubiri makadirio mapya

Barua ya ofisa mikopo inayoeleza kuchelewa kwa idhini huanzia kwenye makadirio ya mtiririko wa fedha, yaani jedwali la fedha zitakazoingia na kutoka kila mwezi. Mfano ni wa fundi wa sare za shule nchini Tanzania aliyeomba mkopo wa kununua vitambaa na cherehani. Makadirio yake ya kwanza yaligawanya mauzo ya mwaka sawasawa kwa miezi 12. Taarifa ya benki ilionyesha jambo jingine: oda hujaa Desemba na Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, na shule zinazochukua sare kwa mkopo hulipa baada ya siku 60.

Mauzo ya Januari, basi, si fedha za Januari. Jedwali liliporekebishwa, Februari ilianza na salio la shilingi 400,000, zikaingia 900,000, zikatoka 700,000 za mishahara na pango. Zilibaki 600,000, ilhali rejesho lilikuwa 1,100,000. Pengo hilo la 500,000 halikuonekana kabisa mwanzoni, ingawa biashara ina faida kwa mwaka mzima.

Kuidhinisha kwa jedwali la awali kungemwingiza fundi kwenye malimbikizo mapema kabisa, na kumbukumbu hiyo ingemharibia mikopo ijayo. Baada ya marekebisho, benki iliidhinisha kiasi kilekile, ila Februari na Machi analipa riba tu. Rejesho kamili linaanza Aprili, malipo ya shule yakiwa yamekwisha kuingia.