Miraba 365 iliyookoa kazi ya mpimaji wetu

Katika bandari yetu ndogo ya pweza, dada wa mizani hulipwa kwa siku. Mwaka jana kamati ya wavuvi ilitaka kumpunguzia siku moja kwa wiki ili kubana matumizi. Nikaombwa nitazame daftari la mizani, niseme ni siku gani.

Nilianza kwa wastani wa kila siku ya wiki. Ijumaa ilikuwa chini, jambo ambalo halikuhitaji hesabu. Siku nyingine sita zilikaribiana mno.

Basi nikachukua karatasi ya miraba. Nikachora safu 7 za kulala, Jumamosi juu na Ijumaa chini, na safu wima 53, kila moja ikiwa wiki. Kila siku ina mraba wake. Pweza wengi, rangi nzito. Wachache, rangi hafifu. Wakikosekana kabisa, mraba mweupe.

Nilipomaliza niliona mambo mawili. Safu ya Ijumaa ilikuwa hafifu mwaka mzima, kama uzi uliofifia kwenye nguo. La pili sikulitarajia: wiki moja nzito, inayofuata hafifu, kisha nzito tena. Ni bamvua na maji mafu. Pweza wetu hushikwa mwambani maji yakitoka sana, na bamvua hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Kwa sababu ya hiyo robo tatu, doa zito huteremka karibu mraba mmoja kila linaporudi. Wastani ulificha haya yote, kwani Jumatano ya bamvua na Jumatano ya maji mafu, zikichanganywa, zinafutana.

Nilipoipeleka karatasi kwenye kikao, mzee mmoja aliweka kidole mwezi wa Agosti, penye miraba 9 meupe mfululizo. "Mwanangu, hapa hatukwenda pwani?"

Watu walikwenda. Mizani ndiyo iliyoharibika, pweza wakapimwa kwa mnunuzi, na daftari halikuandikwa. Kosa lilikuwa langu: niliweka sufuri pahali pasipo na habari. Tukiiacha hivyo, mtu angesema kusi iliwazuia watu, au ni wavivu. Sasa siku isiyoandikwa naitia alama ya X, na mweupe ni wa siku iliyopimwa ikapatikana sufuri. Pengo la ghafla, lenye mipaka mikali na lisilofuata maji, kwanza litafutie sababu kwenye daftari.

Karatasi haisemi sababu; huonyesha tu pa kuuliza. Bamvua tuliitambua kwa kulinganisha na tarehe za mwezi mwandamo: doa zito lilikuja mwezi ulipoandama na ulipokuwa mpevu.

Kamati haikukata siku ya wiki. Dada wa mizani hupumzika Ijumaa, na siku chache za katikati ya maji mafu hufika jioni tu, kwa nusu ya malipo. Siku za bamvua yupo tangu maji yanapoanza kujaa.