Joto la Chakula na Hamu ya Kula

Kila chakula kinacholiwa huongeza joto la mwili, hata kama kimeliwa kikiwa baridi. Joto hilo si lile la sufuria wala la kikaango. Kikombe cha chai cha robo lita, kikinywewa kikiwa na nyuzijoto 60, huuachia mwili kiasi cha kilokalori 6 tu kinapopoa hadi kufikia nyuzijoto 37 za damu. Joto kubwa zaidi huja baadaye na polepole, kwa sababu ya kazi ambayo mwili hulazimika kuifanya ili kukivunjavunja chakula, kukisafirisha na kukihifadhi.

Sehemu ndogo ya kazi hiyo hufanyika tumboni: misuli ya tumbo na utumbo hukanda chakula, tezi hutoa juisi za kukimeng'enya, na kuta za utumbo hutumia nguvu kuvuta virutubisho hadi kwenye damu. Sehemu kubwa hufanyika baada ya hapo, hasa kwenye ini na misuli. Sukari iliyozidi mahitaji ya wakati huo huungwa na kuwekwa akiba. Vipande vya protini huunganishwa upya kujenga misuli na vimeng'enya, na vinavyobaki huondolewa naitrojeni, ambayo ini huigeuza kuwa urea ili itolewe kwa mkojo. Kila hatua hutumia nishati, na kila nishati inapotumika sehemu yake hugeuka joto.

Aliyelipima jambo hili kwa makini ni Max Rubner, mwanafiziolojia wa Ujerumani, aliyewaweka mbwa ndani ya vyumba maalumu vya kupimia joto na kuwalisha vyakula mbalimbali. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1902 alionyesha kwamba nyama huongeza joto la mwili kuliko chakula kingine chochote. Vipimo vya baadaye kwa binadamu vilithibitisha mpangilio huohuo. Kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati ya protini huishia kuwa joto la kuishughulikia protini yenyewe. Kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10, na kwa mafuta haizidi sana asilimia 3, kwa kuwa mafuta ya chakula huingia katika akiba ya mwili bila kufanyiwa kazi nyingi.

Sahani moja ya ugali na nyama ya ng'ombe inatosha kuonyesha hesabu yake. Ugali wa gramu 150 za unga, nyama iliyopikwa ya gramu 120 na mafuta kidogo ya mchuzi hutoa takriban kilokalori 880. Kati ya hizo, karibu 180 zimo katika protini, 460 katika wanga na 240 katika mafuta. Protini itatoa joto la kilokalori 45 hivi, wanga 32 na mafuta 5, jumla kama 80. Joto hilo hutoka kwa muda wa saa tano au sita, na hufikia kilele ndani ya saa mbili za mwanzo. Mtu mzima aliyekaa ametulia hutoa joto la kilokalori 70 hivi kwa saa, kwa hiyo mlo huo mmoja humwongezea karibu moja ya tano ya joto lake la kawaida kwa mchana wote uliobaki.

Palipo na hali ya hewa ya wastani, nyongeza hiyo hupotea bila mtu kuitambua, kwani ngozi yenye joto zaidi kuliko hewa huliachia joto liende zake. Mambo hubadilika katika miji ya pwani wakati wa kaskazi. Mwezi Februari, Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya mchana hufika nyuzijoto 32 au 33, karibu sawa na ngozi yenyewe. Joto halina tena pa kwenda, na njia kubwa inayobaki ni jasho. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori 0.58, hivyo kuondoa zile kilokalori 80 za ugali na nyama kunahitaji mililita 140 za jasho zikauke, juu ya jasho ambalo mwili ulikuwa ukilitoa tayari. Muhimu hapa ni kukauka. Jasho linalodondoka sakafuni haliupunguzii mwili joto, na hewa ya pwani, iliyojaa unyevunyevu wa bahari, hukausha jasho kwa shida. Ndiyo sababu joto la nyuzi 33 pwani huondoa hamu ya kula kuliko joto hilohilo katika sehemu kavu za bara kama Dodoma.

Mwili hausubiri hadi joto lizidi ndipo upunguze kula. Mwaka 1948 John Brobeck, mtafiti wa Marekani, alipendekeza kwamba wanyama hula ili wasipoe na huacha kula ili wasichemke, yaani hamu ya kula ni mojawapo ya njia za kutawala joto la mwili. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1961, watafiti wawili wa Uswidi, Andersson na Larsson, walipofanya majaribio kwa mbuzi. Waliingiza vyombo vyembamba katika sehemu ya ubongo iliyo mbele ya hipothalamasi, sehemu inayopima joto la damu, kisha wakaipasha joto au kuipoza peke yake huku mwili mzima ukibaki vilevile. Mbuzi mwenye njaa aliyekuwa akila aliacha chakula sehemu hiyo ilipopashwa joto, akatafuta maji. Mbuzi aliyekwisha shiba alianza kula tena ilipopozwa. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo, kwa kuwa tumbo la mnyama lilikuwa lilelile na kilichobadilika ni ubongo uliokuwa ukipima joto.

Kuna sababu nyingine mbili zinazofanya kazi pamoja na hiyo. Ya kwanza ni damu. Wakati wa joto kali moyo hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na ili ipatikane, mishipa ya utumbo na ini hubanwa. Mmeng'enyo wenyewe huhitaji damu nyingi hukohuko tumboni. Aliyekula mlo mzito na kurudi juani huzilazimisha sehemu mbili za mwili kugombea damu moja, naye huhisi uzito tumboni, uchovu na wakati mwingine kichefuchefu. Sababu ya pili ni maji. Jasho likishapunguza maji ya mwili, damu hukolea chumvi, na hali hiyo huamsha kiu na kuzima njaa kwa pamoja. Tumbo nalo huchelewa kujimwaga. Mtu aliyepoteza maji mengi anaweza kukaa mchana kutwa bila kutamani chakula, kisha nusu saa baada ya kunywa maji ya kutosha akaanza kusikia njaa.

Wafugaji wa kuku wa pwani huyaona haya yote waziwazi zaidi, kwa sababu kuku hana tezi za jasho na hupoa hasa kwa kuhema. Banda likizidi nyuzijoto 30, kuku hutanua mbawa, hupanua midomo na kuacha chakula kwenye vyombo, lakini hunywa maji mara kwa mara. Kuku wa nyama aliyejaza chakula tumboni adhuhuri anaweza kufa alasiri, kwani joto la mmeng'enyo humfikia saa ileile ambayo bati la paa limewaka kabisa. Mfugaji mzoefu huondoa chakula saa chache kabla ya jua kali na kukirudisha jioni, na huwalisha kuku alfajiri wakati hewa bado ni ya ubaridi.

Baridi huleta kinyume chake, ingawa si kwa usawa kamili. Makete au Limuru mwezi Julai, mwili wenye nguo chache hupoteza joto haraka kuliko unavyolitengeneza. Mishipa ya ngozi hubana, na isipotosha, misuli huanza kutetemeka. Kutetemeka kwa nguvu huweza kuongeza utengenezaji wa joto hadi kufikia kama mara tano ya ule wa kupumzika. Yapo pia mafuta ya kahawia, machache kwa watu wazima na mengi kwa watoto wachanga, ambayo huchomwa moja kwa moja kuwa joto bila misuli kutetemeka. Yote haya hula akiba ya mwili, na ubongo, ukihisi damu imepoa na akiba imepungua, huamsha njaa. Joto la mmeng'enyo, lililokuwa mzigo Dar es Salaam, hapa ni msaada: zile kilokalori 80 za ugali na nyama sasa zinafanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na misuli.

Mwaka 1947 Johnson na Kark walichapisha hesabu za chakula walichokula kwa hiari wanajeshi wa Amerika Kaskazini katika mazingira tofauti. Jangwani, kwenye nyuzijoto 33, kila mmoja alikula wastani wa kilokalori 3,100 kwa siku. Kwenye baridi ya Aktiki, zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, alikula 4,900. Tofauti hiyo yote haitokani na baridi peke yake, kwa kuwa kutembea kwenye theluji kwa mavazi mazito na buti nene ni kazi ya ziada. Aidha, inayoamsha njaa ni baridi inayoufikia mwili, si ile iliyo nje ya dirisha. Anayeishi Ulaya wakati wa baridi kali katika nyumba yenye joto na kutoka amevaa koti zito hana sababu kubwa ya kimwili ya kula zaidi. Kwa upande mwingine, mtoto aliyeogelea baharini kwa saa nzima hutoka na njaa kubwa hata siku ya jua, kwa sababu maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa.

Mwili pia huzoea. Mgeni wa nchi ya baridi anayefika pwani hupoteza hamu ya kula siku za mwanzo, lakini baada ya wiki moja au mbili huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, huku akipoteza chumvi kidogo ndani yake, na hamu hurudi kwa kiasi fulani. Wazee na watoto wadogo huchelewa kuzoea. Mzee husikia kiu hafifu, kwa hiyo anaweza kuacha kula na kunywa kwa pamoja, na mkojo mchache wa rangi iliyokolea ndiyo dalili ya kwanza ya kuangalia.

Kukosa hamu kwa sababu ya joto hufuata saa. Huzidi adhuhuri na alasiri, hupungua upepo wa jioni ukianza, na mtu huamka alfajiri akitaka kula. Asiyekula mchana wala usiku, hata baada ya kuoga na kunywa maji, anaumwa kitu kingine. Homa ya malaria na maambukizi mengine nayo huondoa hamu, lakini kwa njia tofauti: kinga ya mwili hutoa kemikali zinazouambia ubongo usitake chakula, na hali hiyo haijali kama hewa ni ya joto au ya baridi. Akiwa na mwili wa moto, kichwa kinachouma na maneno yanayochanganyika, awe ametoka juani au kitandani, mahali pake ni hospitali siku hiyohiyo.