Msafara wa Otrari: Jinsi Wamongolia Walivyoteka Asia na Kuiunganisha

Mwaka 1218 msafara wa wafanyabiashara wapatao 450 uliingia Otrari, mji wa mpakani karibu na Mto Sir Darya, katika Kazakhstan ya leo. Wengi wao walikuwa Waislamu, na waliwatanguliza ngamia waliosheheni bidhaa za thamani. Aliyewatuma alikuwa Jingis Khan, mtawala wa Wamongolia. Liwali wa Otrari, Inalchuq, alidai kuwa ni wapelelezi. Akawakamata, akawaua, mali yao akaichukua. Mwendesha ngamia mmoja aliponyoka na kupeleka habari nyumbani.

Jingis Khan alituma wajumbe kwa Sultani Muhammad wa Khwarizimi, bwana wa liwali yule, kudai haki. Sultani akamuua mjumbe mkuu na kuwarudisha wenzake wakiwa wamenyolewa ndevu. Kabla mwaka 1220 haujaisha, sultani huyo alikuwa mkimbizi katika kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaspi, na huko ndiko alikofia.

Ukirudia somo la himaya ya Wamongolia, anzia Otrari. Wanafunzi wengi huandika vita kwanza, kisha biashara, kana kwamba ni sura mbili zisizohusiana. Otrari inaonyesha kwamba tangu mwanzo vilikwenda pamoja. Mfugaji wa nyika ana nyama, maziwa, ngozi na sufu, lakini nafaka, nguo nzuri na chuma cha kutosha hupata kwa wakulima na watu wa mijini. Atavipata kwa kubadilishana au kwa kuteka. Kwa hiyo mfanyabiashara alikuwa mtu wa maana sana kwa khan, na kumuua ilikuwa sawa na kumkaba khan koo.

Lakini hasira peke yake haibomoi dola. Nguvu yenyewe ilitoka wapi?

Jibu la haraka ni farasi, na lina ukweli. Askari wa Kimongolia alitembea na farasi watatu, wanne au zaidi. Mmoja akichoka, alihamia kwa mwingine. Farasi hao wadogo walijilisha wenyewe majani, hata yaliyofunikwa na theluji, na maziwa ya majike yao yalikuwa chakula cha askari. Jeshi la namna hiyo halikuhitaji kuburuta magari ya nafaka nyuma yake. Kila mtoto alijifunza kupanda farasi na kulenga kwa upinde tangu akiwa mdogo, na uwindaji mkubwa wa kuzungushia wanyama ulikuwa mazoezi ya vita.

Hata hivyo watu wa nyika walikuwa na farasi na pinde kwa karne nyingi bila kuteka dunia, kwa sababu nguvu zao ziliishia katika ugomvi wa ukoo na ukoo. Hapo ndipo mtu aliyeitwa Temujin alipobadilisha mambo. Mwaka 1206, mkutano mkuu kando ya Mto Onon ulipomtangaza kuwa Jingis Khan, aliligawa jeshi kwa makumi: askari 10, kisha 100, kisha 1,000, kisha 10,000. Makabila aliyoyashinda aliyatawanya ndani ya vikosi hivyo, ili mtu apigane bega kwa bega na aliyekuwa adui wa baba yake. Vyeo vilitolewa kwa uwezo na uaminifu. Naona mageuzi haya yalikuwa na uzito kuliko farasi wote wa nyika.

Sasa urudi Khwarizimi uone mpango huo ukifanya kazi. Sultani alikuwa na askari wengi, lakini aliwaogopa majemadari wake mwenyewe, hivyo akawagawa ndani ya ngome za miji. Mwaka 1219 Wamongolia nao waligawanyika, ila kwa shabaha moja. Wana wawili wa khan walibaki kuizingira Otrari, iliyovumilia miezi kama mitano. Mwana mwingine alifuata mto. Jingis mwenyewe alivuka jangwa la Kizilkum, ambako hakuna aliyemtarajia, na mwanzoni mwa mwaka 1220 akatokea mbele ya Bukhara, nyuma kabisa ya ulinzi wa sultani. Mji ulianguka baada ya siku chache, na Samarkandi ukafuata.

Kuta hazibomolewi na farasi. Wamongolia walikuwa wamejifunza huko China, na waliwachukua mafundi wa Kichina waliojua mitambo ya kurusha mawe. Kila mji ulioshindwa uliongeza mafundi, makarani na wakalimani. Nao uliopinga uliangamizwa. Watu wa Marwi na Urgenchi waliuawa kwa halaiki, na sifa za himaya hii zisisomwe bila kuwakumbuka.

Mipaka yake nayo ilichorwa na majani. Mwaka 1258 Hulagu, mjukuu wa Jingis, aliiteka Baghdadi na kumuua khalifa, akaingia Shamu. Kisha akarudisha sehemu kubwa ya jeshi, na mwaka 1260 Wamamluki wa Misri walikishinda kikosi kilichobaki, pale Ain Jaluti. Kifo cha khan mkuu kilichangia kurudi huko, lakini Hulagu mwenyewe alimwandikia mfalme wa Ufaransa kwamba malisho yalikuwa yamekwisha.

Kilichoziunganisha nchi hizo zote kilikuwa vituo vya njiani, vilivyoitwa yam, ambavyo Ogedei, mwana wa Jingis, alivipanga kuanzia mwaka 1234. Vilitenganishwa kwa takriban mwendo wa siku moja, na kila kimoja kilikuwa na farasi, chakula na watunzaji. Mjumbe alionyesha kibao cha khan, akapewa farasi mpya, akaendelea. Padri Giovanni wa Pian del Carpine, mjumbe wa Papa, alipita njia hiyo mwaka 1246. Alikuwa mzee na mnene, na yeye na mwenzake walijifunga vitambaa miguuni ili waweze kustahimili tandiko. Walikula uji wa mtama na kunywa theluji iliyoyeyushwa. Kutoka Mto Volga hadi karibu na Karakorumu, mji mkuu wa Wamongolia, walitumia siku 106 hivi. Mzigo wa vituo hivyo uliwaelemea wafugaji waliotoa farasi, na watu wakubwa walivitumia vibaya hata makhan wakalazimika kutoa amri za kuwazuia.

Wafanyabiashara walisafiri chini ya ulinzi huo huo, na baadhi yao walikuwa wabia wa watawala: khan au mkewe alitoa fedha, mfanyabiashara akazizungusha, wakagawana faida. Angalia sahani ya Kichina ya buluu na nyeupe. Udongo wake ulitoka China, lakini madini ya rangi ile ya buluu yalitoka Iran, na ni katika enzi ya Wamongolia ndipo mafundi wa Jingdezheni walipokamilisha mchanganyiko huo. Njia hizo hizo zilipitisha tauni, iliyofika Kaffa kwenye Bahari Nyeusi mwaka 1346.

Himaya ilikuwa imeshagawanyika pande nne zilizopigana zenyewe kwa zenyewe, lakini misafara haikukoma mara moja. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadaye alikuwa mgeni katika kambi ya Uzbek Khan, kizazi cha Jingis, huko kwenye nyika za Volga.