Mashine ya kusaga ina wateja, mbona ada ya shule haipatikani?

Kila jioni kopo la mashine lilikuwa na noti. Hata hivyo, Januari ilipofika, mama na baba wa familia moja mkoani Iringa walikosa ada ya mtoto wao wa sekondari.

"Baba watoto, tunasaga kilo kwa shilingi 60. Hivi kilo moja inatugharimu sisi shilingi ngapi?" mama aliuliza. Mumewe hakuwa na jibu. Wakachukua daftari.

Walianza na umeme. Asubuhi walisoma uniti kwenye mita, na jioni wakasoma tena. Siku hiyo walisaga kilo 600 kwa uniti 24. Kwao uniti moja ni kama shilingi 350, hivyo umeme uligharimu shilingi 8,400, sawa na shilingi 14 kwa kilo.

Kijana anayesaga hulipwa shilingi 9,000 kwa siku. Ukigawa kwa kilo 600, ni shilingi 15.

Matengenezo ndiyo yaliyowachanganya, kwa kuwa hayaji kila siku. Walijumlisha chekeche, nyundo, mikanda, beringi, grisi na fundi, kila kimoja kwa muda kinaodumu. Ikawa shilingi 78,000 kwa mwezi wa siku 26 na kilo 15,600, yaani shilingi 5 kwa kilo.

Jumla ni shilingi 34, kabla ya kodi na bei ya mashine yenyewe. Inabaki shilingi 26. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye miezi ambayo mahindi yameisha majumbani. Wakisaga kilo 200 tu kwa siku, umeme na matengenezo hupungua pamoja na kazi, lakini posho ya kijana haipungui. Sehemu yake hupanda kutoka shilingi 15 hadi 45, na gharama yote hufika shilingi 64. Kopo linaingiza shilingi 12,000 huku siku imekula 12,800. Hapo fedha ya chekeche hutumika nyumbani bila mtu kujua.

Walikubaliana na kijana kwamba miezi hiyo mashine ifunguliwe siku tatu kwa wiki, naye siku nyingine alime shamba lake. Wateja walewale wakija kwa siku hizo, kilo hufika 400 kwa siku na gharama hushuka hadi kama shilingi 42.

Daftari linafichua pia ubovu. Kilo 100 zikianza kula uniti 5 badala ya 4, mahindi huenda ni mabichi, chekeche limeziba au ncha za nyundo zimelika. Nyundo iliyolika upande mmoja hugeuzwa. Zikibadilishwa, zinazotazamana ziwe na uzito sawa, la sivyo mashine hutetemeka na kuua beringi.

Sasa kila jioni shilingi 5 za kila kilo huwekwa kwenye kopo la pili, la matengenezo. Ada hutoka kwenye kinachobaki.